Vikao Vinne, Vyumba Vingapi?

Karani wa ofisi ana vikao vinne asubuhi moja: cha kwanza saa 3:00 hadi 5:00, cha pili 4:00 hadi 6:00, cha tatu 4:30 hadi 5:30, na cha nne 5:00 hadi 7:00. Je, anahitaji vyumba vingapi?

Wengi huunganisha vikao vinavyopandana na kupata kipindi kimoja, saa 3:00 hadi 7:00. Jibu hilo ni sahihi kwa mlinzi anayetaka kujua jengo litatumika lini. Idadi ya vyumba halisemi.

Njia ya kuipata ni kuandika nyakati zote kwa mfuatano, kisha kuongeza moja kila kikao kinapoanza na kupunguza moja kinapokwisha. Saa 3:00 hesabu ni 1, saa 4:00 ni 2, na saa 4:30 ni 3. Saa 5:00 kikao cha kwanza kinatoka, hesabu inashuka hadi 2, ndipo cha nne kinaingia na kuirudisha 3. Baada ya hapo inashuka tu.

Vyumba vitatu vinatosha, na viwili havitoshi, kwa kuwa saa 4:30 vikao vitatu vinaendelea kwa pamoja.

Kosa la kawaida hutokea pale saa 5:00. Karani akiongeza kabla ya kupunguza, atapata 4 na kutafuta chumba kisichohitajika. Wanaotoka wahesabiwe kwanza. Lakini chumba kikihitaji dakika 10 za usafi, aziongeze mwishoni mwa kila kikao kabla ya kuhesabu. Hapo vyumba vinne vitahitajika kweli.