Mshono wa Chupa Unaishia Wapi?

Muuzaji wa chupa kuukuu husifu rangi. Mnunuzi anayejua huigeuza chupa kwanza akatazama kitako.

Chukua chupa ya jini ya Kiholanzi, ile ya kijani iliyokoza yenye pembe nne, iliyokuwa ikisafirishwa ndani ya masanduku ya mbao. Pitisha kucha ubavuni, chini hadi juu. Huenda usiguse mshono wowote, ukaamua kwamba imepulizwa bila kalibu. Hapo utakuwa umeharakisha. Fundi alichota kioo cha moto kwa bomba la chuma, akakishusha ndani ya kalibu ya kipande kimoja iliyo wazi juu, akapuliza hadi kikajaa. Kalibu isiyofunguka haiachi mshono wa ubavuni, ila chupa lazima iwe pana mabegani na nyembamba chini, la sivyo haichomoki.

Sasa kitako. Ili autengeneze mdomo, fundi alihitaji kuishika chupa kwa upande wa chini, akagandisha hapo fimbo ya chuma yenye tone la kioo cha moto. Fimbo ilipobanduliwa iliacha kovu la kioo kilichovunjika, linalokwaruza kidole. Kwenye bilauri za thamani kovu hilo lilisuguliwa, likabaki shimo laini. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vingi vilianza kutumia kibano badala ya fimbo, kwa hiyo chupa inaweza kukosa kovu na bado ikawa imepulizwa kwa mdomo.

Kwenye kalibu ya vipande viwili mshono hupanda ubavuni, kisha hupotea chini kidogo ya mdomo, kwa sababu mdomo uliumbwa baadaye kwa mkono. Mashine ya Mmarekani Michael Owens, iliyoanza kufyatua chupa mwaka 1903, iliumba mdomo ndani ya kalibu, na mshono ukapanda hadi juu kabisa. Mashine hiyo pia huacha mstari wa duara kitakoni, mara nyingi umekaa upande, na wengi huudhania kovu la fimbo. Uguse: ni mstari mwembamba tu, hakuna kioo kilichovunjika.

Ushahidi wa viputo mimi huuweka mwisho. Vikirefuka kuifuata shingo, vinaonyesha kioo kilivutwa kikiwa laini. Lakini kiputo hutokana na kioo kisichoyeyushwa hadi hewa yote ikatoka, na hilo hutokea kwa kalibu na bila kalibu. Isitoshe, karakana za leo huviacha makusudi ili chombo kipya kionekane cha kale.

Hata kovu la fimbo linaweza kuwa la mwaka jana, maana wapulizaji bado wapo. Kwa hiyo tazama ukingo ambao chupa hukalia. Miaka mingi ya kusogezwa mezani huacha mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, tena pale tu kitako kinapogusa meza. Ikielekea upande mmoja yote, au ikiingia hadi ndani ya shimo la kitako, kuna mtu aliyepitisha msasa.