Homa Isiyo Malaria: Tazameni Alama ya Kupe

Tuchukue mfano wa kijana wa Nambilanje anayechunga ng'ombe porini. Baada ya wiki moja hivi anashikwa na homa kali, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, lakini nyumbani wanasema kipimo kimekosea, wanampa dawa ya mseto. Siku ya tatu homa iko palepale. Tunapomkagua mwili mzima tunakuta nyuma ya goti kidonda kidogo kisichouma sana, chenye kigaga cheusi katikati, na tezi za kinena zimevimba. Hapo ndipo kupe alipomng'ata.

Kupe huyo alibeba bakteria aitwaye riketsia. Bakteria huyu hawezi kuishi peke yake. Ni lazima aingie ndani ya chembe hai za mwili. Huchagua zile zilizotanda upande wa ndani wa mishipa midogo ya damu, akazaliana humo na kuziharibu. Mwili unapopigana naye, joto hupanda. Hiyo ndiyo homa. Mishipa iliyoumia huvimba na kuvuja chini ya ngozi. Hivyo ndivyo vipele. Katika ngozi nyeusi vipele havionekani upesi, kwa hiyo tazameni pia viganja na nyayo, penye mwanga wa kutosha. Wagonjwa wengine hawatoki vipele kabisa.

Ziko riketsia nyingine zinazoletwa na viroboto wa panya na chawa wa nguo. Ile ya chawa iliwashambulia maelfu ya watu katika kambi za wakimbizi wa ndani huko Burundi mwaka 1997. Zote huharibu mishipa, na zile kali zikicheleweshwa hufika mapafuni, kwenye figo na ubongo.

Je, ugonjwa huu upo kwetu Tanzania? Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa. Kama 6 kati ya kila 10 walidhaniwa kuwa na malaria, lakini walioumwa malaria kweli hawakufika 2 kwa kila 100. Kati ya waliopimwa riketsia za kupe, 8 kwa kila 100 walikuwa nazo.

Dawa ya malaria haimgusi riketsia. Amoksilini nayo haimuui, kwa kuwa amejificha ndani ya chembe. Dawa yake ni doksisaiklini, kwa maagizo ya mganga, na mara nyingi homa hushuka ndani ya siku mbili. Mama mjamzito aseme hali yake kabla ya kupewa dawa.

Mkitoka porini au zizini, kagueni kwapa, kinena na nyuma ya magoti. Kupe mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mumvute polepole bila kumpasua. Msimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa. Na mkija zahanati na homa, tuambieni kwamba mlikuwa na mifugo.