Barua ya Kuomba Rejesta Zilizoskaniwa

Nchini Tanzania, kituo cha afya huandika kila mgonjwa wa nje katika rejesta ya MTUHA, kisha mwisho wa mwezi hujumlisha na kupeleka ripoti wilayani. Rejesta ikiloa au kuliwa na mchwa, majumla hubaki salama katika mfumo wa DHIS2, lakini hayaonyeshi nani alitibiwa nini. Ikiwa wilaya iliwahi kuskani kurasa zenyewe, mtunza kumbukumbu wa kituo ana pa kuanzia: barua.

Barua hiyo huandaliwa na mtunza kumbukumbu, ikasainiwa na Mganga Mfawidhi na kuelekezwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kosa la kawaida ni kuandika “Yah: Maombi ya taarifa za wagonjwa.” Anayeipokea atatoa ripoti ya mwezi, yaani majumla yale yale ambayo kituo tayari kinayo. Kichwa kinachofaa hutaja kitu chenyewe: “Yah: Maombi ya nakala za kidijitali za kurasa zilizoskaniwa za Rejesta ya Wagonjwa wa Nje, Januari hadi Machi 2023.” Aya inayofuata ieleze rejesta ya karatasi ilivyoharibika, nakala zitatumika kwa kazi gani na nani atazitunza. Maelezo haya si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo wilaya inahitaji sababu iliyoandikwa. Majina ya wagonjwa yasiwekwe ndani ya barua, maana itapita masijala na mikononi mwa watu wengi.

Barua iombe pia kurasa kamili, za kushoto na za kulia. Mstari wa mgonjwa mmoja huvuka kurasa mbili zinazotazamana: jina na umri upande mmoja, ugonjwa na dawa upande wa pili. Mwenye kuskani kwa haraka akiacha upande wa kulia, kilichobaki ni orodha ya majina tu. Mafaili yaombwe kwa njia salama, kwa mfano diski mweko iliyofungwa kwa nywila, nayo nywila itolewe kwa simu. Kundi la WhatsApp la watumishi si mahali pake.

Nakala zikifika, zihakikiwe kabla ya kusaini kupokea. Tuseme ripoti ya Machi ilionyesha wagonjwa 412, lakini mistari inayosomeka katika faili ni 387. Pengo ni 25. Kama kila jozi ya kurasa ina mistari 25, huenda jozi moja imerukwa. Namba za mfuatano za wagonjwa huonyesha ni ipi: zikitoka 210 na kuruka hadi 236, zilizokosekana ni 211 hadi 235. Barua ya pili basi huomba jozi hiyo tu, ikitaja namba hizo. Kurasa ambazo wino wake umefifia hata skana haikuzinasa hubaki pengo. Ziandikwe “haisomeki”, wala zisijazwe kwa kukisia.