Koo la Mtoto: Anza na Pua

Mzazi anafika duka la dawa na ombi moja: "Mtoto ana mafindofindo, nipe ampiklosi." Boksi linatolewa, pesa inapokelewa, na hakuna aliyeuliza kama mtoto ana mafua. Pengine jibu la swali hilo lingeokoa pesa hiyo.

Kati ya watoto kumi wanaopelekwa hospitali kwa kuumwa koo, saba hivi wameshikwa na virusi, na antibayotiki haina la kufanya juu ya virusi. Virusi hugusa sehemu nyingi kwa pamoja: pua inatiririka, kikohozi kinasumbua, sauti inakauka, macho yanakuwa mekundu. Mtoto mwenye dalili hizi anahitaji vinywaji, chakula laini na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe.

Bakteria anayetuhusu, streptokokasi wa kundi A, huja kwa namna nyingine. Homa hupanda ghafla, koo huuma sana wakati wa kumeza, mitoki ya shingoni chini ya taya huvimba na kuuma ikiguswa, na mara nyingi kichwa au tumbo nalo huuma. Kikohozi hakuna, mafua hakuna. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ni nadra. Wazazi wengi huhukumu kwa utando mweupe kwenye findo, lakini virusi kadhaa navyo huuleta. Kipimo cha koo ndicho kinachokata shauri, ila zahanati nyingi hazina, kwa hiyo mganga huamua kwa kujumlisha dalili.

Kwa nini basi tutibu, ikiwa hata koo la bakteria kwa kawaida hupoa lenyewe ndani ya siku chache? Kwa sababu ya moyo. Baada ya wiki mbili tatu, kinga ya mwili iliyochokozwa na bakteria huyu inaweza kugeukia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, na huku Afrika Mashariki bado inawaharibu vijana vali. Habari njema ni kwamba dawa ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaukinga moyo. Kwa hiyo dalili zisipoeleweka, kumwangalia mtoto siku moja au mbili si uzembe.

Na dawa yenyewe? Ile ya zamani. Penisilini ilianza kutumika miaka ya 1940, na mpaka leo bakteria huyu hajaijengea usugu. Kwa watoto amoksilini, ndugu yake, humezeka kwa urahisi zaidi. Kloksasilini iliyochanganywa ndani ya ampiklosi haiongezi kitu hapa. Septrini haimwondoi bakteria huyu kooni ipasavyo. Azithromaisini, ambayo watu huipenda kwa kuwa inamezwa siku chache, bakteria wengine wameshaizoea; iachwe kwa mwenye mzio wa kweli wa penisilini. Kuharisha kidogo baada ya dawa si mzio; vipele vya kuwasha, kuvimba uso au kushindwa kupumua ndivyo vya kumweleza daktari.

Tuseme binti wa miaka 7, kilo 20, ana dalili zote za bakteria. Kipimo ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 1,000. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 250 katika mililita 5, hiyo ni mililita 10 asubuhi na 10 jioni, kwa siku 10. Piga hesabu: mililita 200. Chupa ya mililita 100 inaisha siku ya tano, na hapo ndipo matibabu mengi hukatika, kwa sababu homa imeshashuka na aliyenunua alipewa chupa moja. Omba mbili, na ya pili usiichanganye na maji mpaka ya kwanza iishe, maana nyingi zikishachanganywa hudumu wiki moja tu. Ukijua nyumbani siku kumi hazitafika, mwambie daktari: sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, inamaliza kazi. Inauma, hilo tusifichane.

Kukata kimeo hakutibu lolote kati ya haya, na watoto wamewahi kuvuja damu hadi kufa.

Mtoto anayetokwa mate kwa kushindwa kumeza, anayekoroma akivuta pumzi, asiyeweza kufungua kinywa au mwenye shingo iliyokakamaa asisubirishwe nyumbani wala asipitishwe duka la dawa. Vivyo hivyo mwenye utando wa kijivu ulioganda kooni, ambao huweza kuwa dondakoo: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na kadi yake ya chanjo ichukuliwe.