Inveta Haizai Umeme

Tangu 1982, umeme wa Inga husafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi. Njiani unakwenda upande mmoja tu. Ukifika, kituo cha hapa huugeuza uwe umeme unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, ule unaohitajiwa na mashine za migodini. Kituo hicho hakizalishi hata wati moja. Maji ya Inga yakipungua, nacho hakina la kugeuza.

Inveta ya nyumbani hufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Inapokea volti 12 za betri na kutoa volti 220 za friji na televisheni. Haizalishi umeme wala haiuhifadhi.

Tuchukue nyumba ya Manika yenye inveta ya wati 1,000, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, na paneli moja ya wati 100. Betri imebeba wati-saa 1,200, lakini ili idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Inveta yenyewe hupoteza kama sehemu moja ya kumi, hivyo zinabaki 540. Vyombo vikila wati 150 kuanzia saa kumi na mbili jioni, akiba hiyo inaisha saa tatu na nusu usiku. Inveta haitakuonya wakati huo: nyingi hungoja betri ishuke hadi volti 10.5 hivi ndipo zijizime, na hapo betri imekwisha kuumia.

Kesho yake, hata kukiwa na jua zuri la kiangazi, paneli hiyo itarudisha kama wati-saa 350 baada ya joto, vumbi na hasara za kuchaji. Umetumia 600, umerudishiwa 350. Jioni ya pili utapata saa mbili tu, na masika mawingu yatazipunguza zaidi.

Hapo wengi hulaumu inveta na kununua ya wati 2,000. Ile 1,000 ni kikomo cha mzigo inaoweza kubeba, si akiba iliyomo. Tena inveta iliyowashwa bila kazi inaweza kula wati 15. Kwa saa 24 ni wati-saa 360, mavuno yote ya paneli yetu. Kubwa zaidi kwa kawaida hula zaidi.

Kabla ya kununua chochote, pima volti inveta inapolia, vyombo vikiwa vinafanya kazi. Betri ikisoma chini ya 11 kwa mzigo mdogo, imechoka au haijazwi: tazama betri na paneli. Ikisoma 12.3 lakini kwenye vifungio vya inveta unakuta 11, waya ni mwembamba au umelegea. Mzigo wa wati 800 huvuta zaidi ya ampea 70 kupitia hapo. Volti 12 zikifika salama kwenye inveta na 220 hazitoki, hapo ndipo inveta ina kosa.