Sahani ya Kale Chini ya Tochi ya Urujuanimno

Nyumba za kale za Lamu na Unguja zilipambwa kwa sahani na bakuli za kaure ya China. Kabla hujanunua moja, ioshe, ikauke, kwani vumbi na mabaki ya sabuni nayo hung'aa. Tumia tochi ya urujuanimno ya nanomita 365. Za 395 humwaga mwanga mwingi wa zambarau unaoficha dalili. Vaa miwani ya kukinga macho, uzime taa.

Tuseme bakuli lote limeonekana zambarau iliyofifia, ila ukingoni pana mstari mweupe wenye buluu. Huo huenda ni ufa uliozibwa kwa gundi ya epoksi. Pembeni yake kuna baka linalong'aa tofauti: rangi iliyopakwa kufunika kiraka.

Sasa washa taa, ushike lenzi inayokuza mara 10. Fuata mikwaruzo ya matumizi. Ikikatika ghafla bakani, rangi hiyo imekuja baadaye. Vipovu vidogo kwenye kiungo ni vya gundi.

Lakini gundi na rangi nyingine za kisasa hazing'ai kabisa. Bakuli lisiloonyesha kitu usiliite zima. Lipapase ukingo mzima kwa kidole kwanza.