Kipande Kinachofichwa: Jinsi Modeli za Lugha Zinavyofunzwa kwa Kujaza Mapengo

Zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ambalo kila aliyepita darasa la Kiswahili analifahamu, liliingizwa katika utafiti wa lugha na Wilson Taylor mwaka 1953, alipolitumia kupima kama matini inasomeka kwa urahisi. Miaka 65 baadaye, mnamo Oktoba 2018, Jacob Devlin na wenzake wa Google walilifanya zoezi hilohilo kuwa njia ya kuifunza modeli ya kompyuta waliyoiita BERT. Mafunzo hayo huitwa ya awali kwa sababu hutangulia kazi mahususi, kama vile kupanga habari kwa mada au kutambua majina ya watu, na matini yenyewe ndiyo inayotoa swali na jibu, kwa kuwa neno lililofichwa linajulikana tangu mwanzo na hahitajiki mtu wa kusahihisha.

Kabla ya kuficha chochote, matini hukatwa vipande, kwa maana modeli haisomi maneno mazima bali tokeni, yaani vipande vya maandishi vilivyomo katika msamiati wake. Neno la kawaida sana huweza kubaki zima, ilhali neno refu au adimu hugawanywa katika vipande viwili, vitatu au zaidi. Katika BERT, asilimia 15 ya vipande huteuliwa kwa bahati nasibu, na modeli hutakiwa kukisia kila kilichoteuliwa kwa kutazama vipande vya kushoto na vya kulia kwa pamoja. Kila nafasi iliyoteuliwa hutolewa makisio juu ya msamiati wote, na adhabu huwa kubwa kadiri kipande sahihi kilivyopewa uwezekano mdogo. Nafasi ambazo hazikuteuliwa hazihesabiwi kabisa.

Kuteuliwa, hata hivyo, si sawa na kufichwa, na hapa ndipo wengi wanaosoma habari za mbinu hii huteleza. Katika kifungu chenye vipande 200, vinavyoteuliwa ni kama 30, na kati ya hivyo takriban 24 hubadilishwa kuwa alama ya `[MASK]`, vitatu hubadilishwa kuwa vipande vingine vyovyote kutoka katika msamiati, na vitatu vilivyosalia huachwa kama vilivyo. Sababu ya mgawanyo huo ni kwamba alama ya `[MASK]` haionekani kamwe katika kazi halisi, na modeli iliyofundishwa kufikiri palipo na alama tu ingezembea pale isipoiona. Kipande kilichopachikwa ovyo huifanya ishuku kila neno, maana lolote linaweza kuwa la kughushi. Na kipande kilichoachwa huizuia kujifunza kosa la kinyume, yaani kuamini kwamba neno linaloonekana mahali pa swali daima si jibu.

Katika BERT kila kipande huteuliwa peke yake, bila kujali kimetoka katika neno gani, na kwa lugha inayoshikamanisha viambishi kama Kiswahili jambo hilo lina uzito wa pekee. Ichukuliwe sentensi «Kitabu kile kilichopotea kimepatikana», na idhaniwe kwamba mkato umetoa vipande saba: kitabu, kile, kili, cho, potea, kime, patikana. Mkato halisi hufuata takwimu za matini, wala haulazimiki kuheshimu mofimu, lakini mfano huu unatosha. Kwa kiwango cha asilimia 15, sentensi hii itapata wastani wa swali moja tu, na thamani ya swali hilo inategemea bahati imeangukia wapi.

Ikifichwa «cho», modeli inaona «kili» upande mmoja na «potea» upande wa pili, na mshindani wa karibu wa jibu sahihi ni «po» ya wakati, ambayo neno «kile» na kitenzi «kimepatikana» vinaidhoofisha. Swali limekwisha kwa upatanisho wa ngeli ya KI-VI, na maana ya sentensi haikuguswa. Ikifichwa «potea», hali inabadilika: upatanisho umekwisha kutolewa na «kilicho», na kinachotakiwa sasa ni shina linaloweza kutangulia kupatikana, kama potea au fichwa, si somwa, ingawa «kilichosomwa» ni sahihi kisarufi. Likifichwa neno zima «kilichopotea», modeli inalazimika kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na msaada pekee unaobaki ni kwamba alama tatu zilizopangana zinaifichulia idadi ya vipande vya neno hilo.

Ni kweli kwamba upatanisho ni sehemu ya lugha, na modeli isiyoujua haifai kitu. Lakini ni somo linaloshikwa mapema, kwa kuwa dalili zake zimerudiwa karibu katika kila neno la sentensi, na baada ya hapo maswali ya aina hiyo hutumia nafasi za mafunzo bila kuongeza maarifa mengi. Mwaka 2019 Google yenyewe ilitoa matoleo ya BERT yaliyofunzwa kwa kuficha maneno mazima, ambamo kipande kimoja kikiteuliwa, vipande vingine vya neno lake huteuliwa pamoja nacho, huku kiwango cha asilimia 15 kikibaki palepale. Modeli ya SpanBERT ya mwaka huohuo ilikwenda mbali zaidi kwa kuficha mfululizo wa maneno, usiozidi kumi, kwa hoja inayoeleweka mara moja kwa mfano wa «Dar es Salaam»: anayefichiwa «es» pekee hajaulizwa lolote.

Kuhusu kiwango chenyewe, asilimia 15 ilikuwa uamuzi wa kiutendaji. Kikipunguzwa sana, kila sentensi hutoa maswali machache na mafunzo huchukua muda mrefu. Kikizidishwa, muktadha wa kujibia humomonyoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2022 kwamba kwa modeli yenye ukubwa wa BERT kubwa, kuficha asilimia 40 kulileta matokeo bora kuliko 15, kwa hiyo namba hiyo haistahili kunakiliwa kama kanuni ya kudumu.

Tatizo la uteuzi mbaya halijionyeshi wakati wa mafunzo, kwa sababu adhabu huendelea kushuka vizuri hata pale modeli inapojibu viambishi tu. Hudhihirika iwapo makosa yatahesabiwa kwa makundi, viambishi mbali, mashina mbali na maneno mazima mbali: viambishi vikikisiwa kwa usahihi mkubwa huku mashina yakisuasua, modeli imejifunza sarufi ya juujuu na wastani umeuficha udhaifu huo. Kwa kuwa zana zinazotumika sana huteua vipande kimojakimoja usipoziagiza vinginevyo, anayeandaa modeli ya Kiswahili achapishe kwanza sentensi mia moja zilizokwisha kufichwa, azisome kwa macho yake kama mwalimu anavyosoma karatasi ya mtihani kabla ya kuigawa, na ahesabu ni maswali mangapi yanayoweza kujibiwa na mtu asiyejua maana ya neno hata moja.